"Tutakujibu ndani ya saa 24": ngazi za msaada kwenye vifurushi vya mifumo ya mauzo

Habari zenu watazamaji, na karibuni sana mnaotuangalia kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala na Tandahimba. Leo hatugusi muonekano wa mfumo wala ripoti zake. Tunashuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa bei, kwenye ule mstari ulioandikwa "msaada", kwa sababu huo ndio unaotofautisha kifurushi cha bei ndogo na cha bei kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye skrini nimeweka vifurushi vitatu vya mfumo wa mauzo wa dukani. Bei ni za mfano, lakini masharti ni ya aina utakayoikuta kokote. Cha kwanza shilingi 45,000 kwa mwezi: msaada kwa barua pepe tu, jibu ndani ya saa 24 za kazi. Cha pili shilingi 90,000: barua pepe na chati ya kuandikiana papo kwa papo, na tatizo la haraka linajibiwa ndani ya saa 4 za kazi. Cha tatu shilingi 210,000: unaongezewa simu, na mfumo ukisimama kabisa wanakujibu ndani ya saa 1, usiku na mchana, siku zote saba. Ofisi ya msaada iko India, inafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa saa za kwao.

Sasa tulete hayo dukani. Duka la mabati na saruji, Masasi, mwezi wa 11. Hela za korosho zimeanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Ijumaa saa 10:40 jioni kaunta zote tatu zinagoma: ukibonyeza kuuza, mfumo unazunguka tu. Unatuma barua pepe hapo hapo. Jibu litakuja lini?

India wametutangulia kwa saa 2 na nusu, kwa hiyo ofisi yao kwa saa zetu inafunguliwa saa 12:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Ulipotuma, walishafunga. Mwenye kifurushi cha kwanza, saa yake inaanza kuhesabiwa Jumatatu saa 12:30 asubuhi. Jumatatu inampa saa 9, Jumanne saa 9 nyingine, hiyo ni 18. Zinabaki 6, na zinaisha Jumatano saa 6:30 mchana. Kwa saa ya ukutani dukani kwako zimepita karibu saa 116, na kampuni haijavunja ahadi hata kidogo. Neno "za kazi" ndilo lililofanya kazi yote hiyo.

Wa kifurushi cha pili anajibiwa Jumatatu kufikia saa 4:30 asubuhi. Nafuu kubwa, ila Jumamosi imeshakwenda. Wa tatu anajibiwa Ijumaa hiyo hiyo, kufikia saa 11:40 jioni.

Ofisi ikiwa California ndiyo balaa. Mwezi wa 11 ukishapita wiki ya kwanza, saa zao za kazi za saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwetu ni saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Chati itakuwa hai wakati duka limefungwa. Kuna kampuni zinazohesabu kwa saa za nchi ya mteja. Amazon, kwenye kifurushi cha msaada cha AWS, huduma yao ya kukodisha kompyuta kwa mtandao, kiitwacho Developer walichokiuza kwa miaka mingi, walieleza saa za kazi kuwa saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni za nchi uliyoandika kwenye akaunti yako, bila wikendi wala sikukuu. Kwa hiyo kabla hujalipa, tafuta mambo mawili kwenye masharti: saa za kazi ni za nchi gani, na sikukuu ni za nchi gani. Yasipoandikwa, uliza kwa maandishi na ulitunze jibu lao.

Jambo la pili, na hapa ndipo wengi hulalamika bila kuwa na haki kimkataba. Kilichoahidiwa ni jibu la kwanza. Kutengeneza tatizo ni kitu kingine, na karibu hakuna anayekiwekea saa. Mhudumu akiandika "tumepokea, tunaangalia", ahadi imetimia. Ujumbe unaojituma wenyewe na namba ya tiketi, yaani ya ombi lako la msaada, kwa kawaida hauhesabiki kuwa jibu, lakini hakikisha, maana wapo wanaouhesabu. Kifurushi cha juu chenye thamani kitakuambia zaidi ya muda wa kujibu: watakupa taarifa kila baada ya muda gani tatizo likiwa halijaisha, na kama watakupa njia ya kuuza kwa muda wakati wanatengeneza. Mimi nikikuta "jibu la saa 1" halafu hakuna neno lolote kuhusu taarifa za baadaye, bei hiyo siilipi.

Halafu kuna daraja la tatizo, yaani uzito wake. Rudini kwenye kifurushi cha tatu: saa 1 ni kwa mfumo uliosimama kabisa. Kaunta moja ikigoma na mbili zinauza, hilo ni daraja la pili, na daraja la pili linarudi kwenye saa za kazi kama kifurushi cha kati. Yaani umelipa 210,000 na bado unasubiri Jumatatu. Anayepanga daraja ni nani? Kampuni nyingi zinakuachia uchague wewe unapofungua tiketi, lakini zinabaki na haki ya kulishusha. Na wanalishusha kwa kusoma sentensi zako. Ukiandika "mfumo una shida, naomba msaada haraka", hujampa mhudumu sababu ya kukuweka daraja la kwanza.

Kuna mtego mwingine ndani ya tiketi yenyewe. Mhudumu akikuomba skrinshoti, anaiweka tiketi kwenye hali ya `Pending`, au imeandikwa `Waiting on customer`. Kwenye mifumo mingi ya tiketi, saa inasimama hapo mpaka ujibu. Wewe uko kwenye ngazi unashusha mabati, barua pepe hujaiona, na hata zikipita saa tano hazihesabiwi kwao. Dawa yake ni kuwapa kila kitu kwenye ujumbe wa kwanza. Mfano huu hapa:

"Mauzo yamesimama kabisa, kaunta zote 3, duka la Masasi. Yameanza Ijumaa 16:40, saa za Tanzania (UTC+3). Tukibonyeza kuuza, skrini inazunguka bila kumaliza, picha zimeambatishwa. Tumejaribu intaneti ya laini nyingine na simu nyingine, hali ni ile ile. Kurasa nyingine za mtandao zinafunguka. Hatuna njia nyingine ya kuuza. Tunaomba daraja la kwanza."

Angalieni ile sentensi ya laini nyingine. Imewekwa makusudi, maana swali la kwanza la mhudumu ni kama tatizo liko kwenye intaneti yako, na ukishalijibu hana cha kukurudishia. Andika saa kwa mtindo wa 16:40, usiandike saa 10:40. Mtu wa nje ataisoma kuwa ni asubuhi. Na ulizia lugha mapema. Kampuni inaweza kutangaza msaada kwa Kiswahili kumbe Kiswahili kipo mchana tu, na usiku simu inapokelewa na anayejua Kiingereza peke yake.

Njia za mawasiliano sitakaa sana. Barua pepe ni taratibu lakini inaacha ushahidi. Chati ni nzuri mtu akiwa upande wa pili. Jaribu usiku uone kama unapata mtu au fomu. Namba ya WhatsApp iliyo kwenye tangazo mara nyingi ni ya mauzo: wanakujibu fasta kabla hujalipa, ukishalipa wanakuambia fungua tiketi. Na simu, kama namba ni ya nje ya nchi, uliza kama wao ndio watakupigia. Dakika 30 za kusubiri kwenye namba ya kimataifa zinamaliza vocha yako.

Je, huo msaada wa bei kubwa unashika nini? Kwa kawaida unatangulizwa kwenye foleni, mhudumu anaweza kuingia kwenye kompyuta yako akiwa mbali, tatizo linapandishwa kwa mafundi wa ndani, na wakati mwingine unapewa mtu maalumu anayelijua duka lako. Usichopata ni printa yako, umeme, na intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ikiwa kati ya nchi zilizoathirika sana, hakuna kifurushi cha msaada ambacho kingekurudishia mtandao. Kiunganishi cha risiti za TRA nacho mara nyingi ni cha wakala mwingine, na risiti zikigoma mtarushiana mpira. Kuingiza bidhaa zako za zamani, ripoti ya kutengenezewa na kufundisha wafanyakazi wapya huwa na bei yake pembeni.

Msichanganye pia ahadi ya msaada na ahadi ya mfumo kuwa hewani. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu mfumo kuzimika dakika 43. Google Workspace wana ahadi hiyo, na wakiivunja fidia yake ni siku za huduma za bure, 3, 7 au 15 kulingana na ukubwa, na lazima uombe mwenyewe ndani ya siku 30. Kwa kuchelewa kujibu tiketi, vifurushi vingi vidogo havitoi fidia yoyote.

Sasa hesabu ya kuamua. Tofauti ya kifurushi cha pili na cha tatu ni 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Tuseme Jumamosi ya msimu duka linauza milioni 3 na faida ni asilimia 12: hiyo ni 360,000. Lazima mfumo ukuharibie Jumamosi nzima nne kwa mwaka, bila kuuza hata bati moja, ndipo pesa ya ziada ijilipe. Kwa duka moja mimi ningebaki na cha pili. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ningepanda kwenye cha tatu: 360,000 kwa miezi mitatu, sawa na Jumamosi moja tu.

Hilo linawezekana tu kama kifurushi cha tatu kinalipiwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo uliza kama kuna muda wa chini wa mkataba. Uliza pia kama tiketi iliyokwisha kufunguliwa inapanda pamoja na kifurushi, maana wengine wanaanza kukuhesabia ngazi mpya kwa tiketi mpya tu, na anayepanda Ijumaa jioni tatizo likiwa limeshaanza anakuta amelipia bure. Panda mwishoni mwa Septemba, tuma tiketi ya swali dogo Ijumaa jioni uone nani anajibu na saa ngapi, na tarehe ya kushuka iandike ukutani, siku tatu kabla ya malipo ya Januari kukatwa.