Duka la khanga lililoniambia nitafute mtu wa kuniangalizia

Khanga zao ni nzuri, nilishawahi kuzishika kwa shangazi yangu, ndiyo maana nikawafuata Instagram. Mimi sioni. Simu yangu inanisomea kwa TalkBack, na kwenye ukurasa wa duka hili kila picha inasema kitu kilekile: "May be an image of text". Basi. Khanga bila jina lake nitaichaguaje? Nimpelekee mama mkwe maneno ambayo sijui yanasema nini?

Nikashuka kwenye maelezo chini ya picha. Huko wameandika BEI kwa zile herufi za urembo zinazonakiliwa kwenye tovuti. Kwa anayeona ni herufi nene tu, ila kwa simu ni alama za hesabu, na yangu ikaanza: "mathematical bold capital B"... herufi moja baada ya nyingine. Zikafuata emoji za moto, zote zikatajwa kwa zamu. Bei yenyewe imo ndani ya picha.

Nikawaandikia kwa heshima, naomba jina na rangi ya doti ya juu. Jibu: "Dada, si hiyo hapo kwenye picha? Angalia vizuri." Nikaeleza kwamba sioni. Wakajibu: "Basi mwambie mtu wa nyumbani akuangalizie, wateja wetu wanaona."

Wateja wao wanaona! Hela yangu je, nayo ina macho?

Nitende haki. Siku chache baadaye kijana wao mwingine alinitafuta akaomba radhi, akauliza aandike nini. Nikamwambia: unapopandisha picha, ingia mipangilio ya ziada, utakuta "Write alt text", yaani mahali pa kuandika maneno ya kueleza picha ambayo simu yangu itanisomea. Usiandike "khanga nzuri", maana hilo halinisaidii kuchagua. Andika ninachohitaji mkononi: "Doti ya khanga, pindo jeusi lenye korosho, mji wa rangi ya chungwa, jina: Wema hauozi." Bei na vipimo viwe kwenye maelezo ya chini, kwa herufi za kawaida, emoji moja mwishoni kama lazima. Akafanya hivyo kwenye posti moja, na kwa mara ya kwanza nilichagua khanga mwenyewe, nikalipa usiku uleule. Ilipofika, jina lilikuwa lilelile. Nilifurahi kweli, nikataka kuwapa nyota nne.

Lakini posti zilizofuata zimerudi kulekule, herufi za urembo na moto. Inaonekana yule kijana hapandishi picha tena, au amekatazwa. Na yule aliyenijibu bado ndiye anayepokea oda, nilimtambua kwa ule "Dada" wake.

Kwa hiyo nyota nne nimezifuta. Khanga nzuri, ndiyo, lakini nyota moja. Posti za zamani zinaharirika: nukta tatu, kisha "Edit", kisha "Edit alt text". Waanze na zenye majina.