Uzoefu wangu: nilivyoisoma ripoti ya kisima chetu cha Karen kabla ya kununua pampu

Mwaka jana sisi wakazi wa nyumba 14 katika kiwanja kimoja cha Karen, Nairobi, tulichangishana fedha tukachimbiwa kisima kirefu kwa mashine, kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yakitufikia mara moja kwa wiki na bauza zilikuwa zikitugharimu fedha nyingi mno. Kampuni iliyochimba sitaitaja. Kazi yao ya uchimbaji niliiona nzuri. Ninachokitathmini hapa ni ripoti waliyotukabidhi mwishoni, kurasa 19 za Kiingereza, pamoja na saa mbili nilizokaa na mtaalamu wa jiolojia ya maji tuliyemlipa kando atusomee. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati, na hundi ya pampu ilikuwa ikingoja saini yangu.

Barua iliyotangulia ripoti ilisema kwa herufi nzito kwamba kisima kina kina cha mita 250 na kinatoa mita 10 za ujazo kwa saa. Chini yake kulikuwa na pendekezo la pampu ya mita 7 za ujazo kwa saa, ishushwe hadi mita 230. Tulifurahi sana, kwa kuwa mahitaji yetu ni kama mita 25 za ujazo kwa siku, bustani zikiwemo. Mtaalamu aliisoma barua ile, akaigeuza kifudifudi mezani, akaniambia, "Mzee, hiyo tuiweke kando kwanza. Nionyeshe maji yaligongwa wapi."

Jedwali la maji kugongwa lilikuwa na mistari mitatu tu. Katika mita 58 maji yalitokea kwa uchache, mita 0.3 za ujazo kwa saa. Katika mita 142 yaliandikwa 4, na katika mita 206 yakaandikwa 10. Mimi nilikuwa nimezijumlisha namba hizo nikapata 14 na ushei, nikadhani kampuni imetupunja katika barua. Alinieleza kwamba hazijumlishwi. Mchimbaji hupuliza hewa ya kompresa kupitia nondo za kuchimbia, maji hutoka juu yakiwa yamechanganyika na vipande vya mwamba, naye huyapima yote yanayotoka kwa wakati huo, yakiwemo ya tabaka za juu alizokwisha kuzipita. Kwa hiyo 10 ndiyo jumla ya kisima kizima, na ndani yake takriban 4 zinatoka katika mita 142 au juu yake, huku 6 zikitoka katika mita 206. Alinionyesha pia, katika safu ya aina za miamba, kwamba kila mahali maji yalipogongwa palikuwa pa mpito: mwamba mgumu wa volkano ulikwisha, yakaanza majivu ya volkano yaliyoshikana au mashapo ya kale ya ziwa, yale wanayoyaita tabaka za Athi, ambayo ndiyo ghala kuu la maji ya chini ya Nairobi. Maji yakiandikwa kugongwa katikati ya mwamba mzima usio na ufa wala mpito, alisema, inafaa mtu aulize.

Ile 10 ya barua ilitoka katika kupuliza huko. Wafanyakazi walikinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 7 na kidogo, wakakokotoa. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na hewa husukuma pia maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya shimo. Kinamsaidia mchimbaji kuamua aendelee kuchimba au asimame, lakini hakifai kuchagulia pampu.

Kipimo cha kuchagulia pampu kilikuwa ukurasa wa 14, na sioni kwa nini barua haikukitaja hata kidogo. Baada ya mabomba kushushwa na kisima kusafishwa, waliteremsha pampu ya majaribio hadi mita 190 wakapampu mfululizo kwa saa 24, mita 7.2 za ujazo kila saa bila kubadilisha, huku wakipima kina cha maji ndani ya kisima. Kabla ya kuanza, maji yalikuwa yametulia katika mita 108. Nilishangaa kidogo kwamba maji yaliyogongwa mita 142 na 206 yalipanda hadi 108, lakini ndivyo yalivyo maji yaliyobanwa chini ya mwamba usiopitisha: ukiutoboa, hupanda yenyewe.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Baada ya saa 1 ya kupampu, maji yalikuwa katika mita 128. Baada ya saa 10 yalikuwa katika mita 141. Baada ya saa 24 yalikuwa katika mita 153. Nilipozitazama namba hizo sikuona tatizo, kwa kuwa pampu ilikuwa mita 190 na maji hayakuifikia. Mtaalamu alizichora kwenye karatasi ambayo mstari wake wa chini haugawanywi kwa saa zilizo sawa, bali kutoka saa 1 hadi 10 ni nafasi moja, na kutoka 10 hadi 100 ni nafasi nyingine iliyo sawa na hiyo. Juu ya karatasi hiyo, kisima kisicho na tatizo hushuka kwa mstari ulionyooka, maana yake ni kwamba kushuka kwake hupungua kasi kadiri saa zinavyokwenda. Kutoka saa 1 hadi 10 chetu kilishuka mita 13. Kama mstari ungeendelea hivyo hivyo, kutoka saa 10 hadi 24 kingeshuka mita 5 hivi. Kilishuka mita 12. Mstari ulivunjika, ukaelekea chini ghafla, na mahali ulipovunjikia palikuwa mita 141 na ushei, karibu kabisa na ile 142 ya jedwali la kwanza.

Maana yake ni rahisi mtu akishaiona. Maji ya kisima yaliposhuka chini ya mita 142, tabaka la pale lilianza kukaukia upande wa kisima. Maji yake hayakuwa tena na shinikizo la kuingia vizuri, yakabaki kudondoka kutoka juu kama ya paa linalovuja, na mzigo ukaangukia tabaka la mita 206 peke yake. Maji yanayodondoka hivyo huingiza hewa, na hewa huleta kutu na utando wa chuma unaoziba matundu ya mabomba. Pampu ya mita 7 kwa saa, tungeiendesha kutwa, ingetufanyia hivyo kila siku. Kisima kingeendelea kutoa maji mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, nasi tungesema kampuni imetuchimbia vizuri.

Ukurasa uliofuata ulionyesha maji yalivyorudi baada ya pampu kuzimwa. Saa 12 baadaye yalikuwa yamefika mita 116, yaani katika mita 45 zilizoshuka, 37 zilikuwa zimerudi. Hilo halikumtia hofu. Alisema tu kwamba kisima kinahitaji usiku wa kupumzika.

Hesabu ya pampu tuliifanya pamoja. Wataalamu wengi hapa kwetu hushauri kisima kisipampiwe zaidi ya asilimia 60 ya kiasi kilichojaribiwa, tena kwa saa kama 10 kwa siku. Asilimia 60 ya 7.2 ni mita 4.3 za ujazo kwa saa. Kwa kupampu 7.2, maji yalishuka mita 33 katika saa 10, kwa 4.3 yangeshuka takriban mita 20, yabaki katika 128, mita 14 juu ya lile tabaka. Nafasi hiyo ya mita 14 tunaihitaji, kwa sababu maji ya chini ya Nairobi yamekuwa yakishuka kwa miongo mingi, na kiwango cha 108 cha leo hakitabaki 108. Sisi tunahitaji mita 25 za ujazo kwa siku, na 4.3 inazitoa kwa saa 6. Pampu kubwa hatukuihitaji tangu mwanzo.

Orodha ya keisingi, yaani mabomba yanayoshikilia kuta za kisima, ndiyo niliyoisoma vibaya kuliko zote, maana niliisoma kichwa chini. Imeandikwa kwa mfuatano wa kushushwa, na bomba la kwanza kushushwa ndilo linalokaa chini kabisa. Yalikuwa mabomba 41 ya mita 6, jumla mita 246: mazima 32 na yenye matundu 9. Tulipoyahesabu kutoka chini kwenda juu, yenye matundu yaliangukia kati ya mita 138 na 150, kisha kati ya 204 na 246, yaani mbele ya tabaka zote mbili zenye maji. Hapo kampuni inastahili sifa. Lakini ankara ilitutoza mita 250 za keisingi, kina chote cha shimo, na nilipowapelekea orodha yao wenyewe waliirekebisha bila ubishi. Hesabu hiyo ilionyesha pia kosa la mita 230 waliyopendekeza kwa pampu: ingekaa mbele ya matundu, ambapo maji huingia kwa kasi pamoja na mchanga, na mota isipate mkondo wa maji unaoipita kutoka chini kuipoza. Tuliiweka mita 186, mbele ya bomba zima.

Jambo moja ripoti haikulisema kabisa, nalo lilinikera. Maji ya mita 58 ni ya juu, na mtaa wetu unatumia mashimo ya maji taka. Ripoti iliandika tu kwamba changarawe iliwekwa nje ya mabomba. Kama changarawe ilipanda hadi juu, maji hayo yanateremka nje ya keisingi hadi kwenye matundu, hata kama bomba la pale ni zima. Niliwaandikia mara mbili. Mara ya pili walinitumia nakala ya daftari la kazi la siku hiyo: changarawe iliishia mita 110, juu yake ukawekwa udongo wa bentonaiti wa kuzuia maji yasiteremke, na mita 6 za juu zikajazwa saruji. Ilikuwa mistari mitatu tu, na mahali pake palikuwa ndani ya ripoti.

Kwa uchimbaji nawapa nyota nne katika tano. Kwa ripoti nawapa mbili, kwa sababu vipimo vyake ni vya kweli lakini barua inayovitangulia haikuvitumia. Mtaalamu nampa tano. Pampu yetu ya mita 4.3 imefanya kazi miezi minne sasa, na kila Jumamosi mlinzi wetu huteremsha waya wa kupimia kupitia bomba dogo lililoachwa kando ya bomba la kupandishia maji. Jumamosi iliyopita, baada ya saa 6 za kupampu, maji yalikuwa katika mita 127.