Tahadhari kwa Wapiga Picha na Wanamuziki wa Tabora na Kigoma: "Mratibu" Anayetuma Advansi Kubwa Kuliko Mliyokubaliana

Ndugu wapiga picha, wanamuziki na washereheshaji wa Tabora, pamoja na wenzetu wa Kigoma mnaokuja huku kufanya kazi za mwisho wa wiki, naomba msome tahadhari hii kabla ya kukubaliana na mtu yeyote msiyemfahamu anayejitambulisha kuwa mratibu wa harusi au meneja wa ukumbi.

Utapeli huu huanzia pale tunapoomba kazi. Mtu huweka picha zake, bei zake na namba yake ya simu kwenye makundi ya WhatsApp ya waratibu, au huandika kwenye ukurasa wa ukumbi fulani akiuliza kama wanahitaji bendi. Baada ya muda hupigiwa simu na mtu mpole, mwenye lugha ya kikazi, anayezijua bei zake zote na anayetaja ukumbi uleule aliouandikia. Anayajua hayo kwa sababu ameyasoma palepale yalipoandikwa, wala hana uhusiano wowote na ukumbi huo.

Mpiga picha mwenzetu wa hapa mjini alipigiwa simu ya namna hiyo. Bei yake ya harusi ni shilingi 600,000, na nusu yake hulipwa mapema ili tarehe ihifadhiwe. "Mratibu" alikubali bei bila kuomba apunguziwe hata kidogo, jambo ambalo kwangu ni dalili ya kwanza, maana kamati za harusi za huku kwetu huanza na kuomba kupunguziwa. Muda mfupi baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu ya mpiga picha kwamba amepokea shilingi 500,000. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikaita: 300,000 ni zako, hizo 200,000 ni za mpambaji ambaye laini yake ina tatizo, tafadhali mtumie sasa hivi kwa namba hii ya msaidizi wake kwa sababu yuko dukani anasubiriwa alipe vitambaa. Akazituma. Fedha zilizotoka zilikuwa akiba yake mwenyewe, kwa kuwa zile 500,000 hazikuwahi kuingia.

Ujumbe ule ulikuwa na dosari mbili zilizoonekana wazi tulipoukagua pamoja. Ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ilhali ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma na hukaa pamoja na ujumbe wa miamala yako ya zamani. La pili ni salio. Kabla ya hapo alikuwa na shilingi 231,500, kwa hiyo fedha ingekuwa imeingia kweli, salio jipya lingesomeka 731,500. Ujumbe ulitaja 512,300. Tapeli hawezi kulijua salio lako, hulikisia tu. Kwa sababu hiyo usiuamini ujumbe peke yake: kata simu, ingia kwenye menyu yako, kwa mfano *150*00# kwa wa M-Pesa, utazame salio mwenyewe.

Hata ikitokea kwamba fedha ya ziada imeingia kweli, usiipeleke kwa mtu wa tatu. Inaweza kuwa imeibwa kwa mtu mwingine, na mwenyewe akilalamika, kampuni ya simu inaweza kuizuia kwako wakati wewe umekwisha kutuma kutoka mfukoni mwako. Mwambie aliyetuma apige simu huduma kwa wateja wamrudishie huko huko.

Njia ninayoiamini zaidi ya kumtambua mtu huyu ni kumwomba akuunganishe na mhazini wa kamati. Harusi zetu huendeshwa na kamati yenye mwenyekiti na mhazini, na mhazini ndiye anayeshika fedha za michango. Tapeli atasema kwamba shughuli ni ya kushtukiza, au kwamba bwana harusi yuko Dar es Salaam na hataki kusumbuliwa. Akitaja ukumbi, nenda ukumbini kwa miguu yako uombe waangalie kwenye daftari lao kama tarehe hiyo imechukuliwa, na imechukuliwa kwa jina la nani. Ukiwa Kigoma na shughuli iko Tabora, mwombe mwenzako aliyepo huku akuulizie. Sisi tuko tayari kufanya hivyo.

Kwa aliyekwisha kutuma, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe, kwani ukiwahi kabla fedha haijatolewa kwa wakala, inaweza kurudishwa. Usiufute ujumbe wowote. Utume ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake kwenda 15040, kisha uripoti kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala, na uombe namba ya RB, ambayo itakusaidia kila utakapofuatilia shauri lako.