Kengele ya geti ya kuongea: wanasema mita 300, kwangu mita 22 zimeishinda

Karibuni tena watazamaji wangu, leo niko Kiamunyi hapa Nakuru, na hii kengele ya geti isiyo na waya imenikera kweli. Mambo ya milio na rangi tuyaruke, mmeyaona kwenye boksi. Mgeni anabonyeza huku nje, unamsikia ndani, unamjibu. Wazo zuri sana. Boksi linasema mita 300. Ploti hii ni ya 50 kwa 100, zile futi zetu za kawaida, na kutoka getini hadi sebuleni ni kama mita 22. Sikilizeni sasa, mwenzangu yuko getini anaongea.

Mmesikia? Chwaaa tupu, maneno yanapita kwa mbali. Msikimbilie kuirudisha dukani. Kwanza shikeni vifaa viwili, wewe kimoja na mwenzako kimoja, hatua mbili tatu kati yenu, muongee. Kama inakwaruza hata hapo, ujue ni chaneli, kuna kitu kingine kinarusha kwenye masafa hayohayo. Kibandiko cha nyuma kinasema 433.92 MHz, na huko ndiko ziliko rimoti nyingi za magari na za mageti. Badilisha chaneli kwenye vifaa vyote viwili. Ukibadilisha kimoja tu hutapata mkwaruzo, utapata kimya kabisa. Hii yangu kwa karibu ni safi, kwa hivyo chaneli haina kosa.

Betri sasa. Cha geti kinakula tatu za AA. Betri ikichoka, utaisikia sauti ikianza vizuri, halafu inafifia ukiendelea kubonyeza. Kile kitaa chekundu kisikudanganye, kitawaka hata nguvu ya kurusha ikiwa imepungua. Pima kwa mita huku mtu amebonyeza, usipime betri ikiwa imepumzika. Zile za kaboni zilizokuja kwenye boksi zimesoma volti 4.6 zikiwa zimetulia, akibonyeza zinaanguka hadi 3.7. Nimeweka za alkalini, akibonyeza zinasimama 4.5. Mkwaruzo umepungua kidogo, lakini bado.

Na hapa ndipo ninapotaka mkae nami, kwa sababu hili hata kijikaratasi cha maelezo hakilisemi. Angalieni geti lenyewe. Ni bati zito la chuma kutoka chini hadi juu, kama mageti yetu mengi, na kengele imepigwa skurubu katikati yake. Antena imo ndani ya hii plastiki, sentimita moja hivi kutoka kwenye chuma. Chuma kikiwa karibu hivyo kinaivuruga antena, na wimbi linalorudishwa nacho linaliua lile linalotoka. Tena kengele imetazama barabarani, nyumba iko nyuma ya chuma. Umeiziba mdomo halafu unailaumu haisikiki.

Ninafungua skurubu mbili. Ninakishika mkononi, palepale mbele ya geti, nimekitoa sentimita kama kumi. Sikia, mkwaruzo umeshuka. Narudisha kwenye chuma... chwaaa. Natoa tena. Sasa nakipeleka kwenye nguzo ya mawe pembeni, mbali na chuma, na pale juu ya ukuta kuna uwazi wa kuelekea nyumbani. "Hodi hodi, mwenye nyumba yuko?" Kila neno! Chaneli ileile, betri zilezile.

Kwa hivyo ipigeni kwenye nguzo, angalau sentimita 17 kutoka kwenye chuma, ambayo ni robo ya wimbi la masafa haya. Kuweka ubao kati yake na geti kunasaidia, ila kivuli cha chuma kinabaki palepale. Ukuta wa mawe unapunguza, hauzibi. Zege lenye nondo ndilo baya zaidi, na friji pia. Huku ndani nimekihamisha kifaa kutoka nyuma ya friji hadi juu karibu na dirisha, na hata jikoni sasa nasikia.

Bei? Nimenunua 3,800. Mwanzo nilitaka kuwaambia msiiguse, sasa nasema inafaa kwa ploti ndogo yenye nguzo ya mawe. Kama unaishi nyuma ya nyumba nyingine, kuta tatu nne katikati, acha kabisa. Zile za waifai zenye kamera ni bei juu, na nyingi zinahitaji waifai ifike getini, na chuma hikihiki kinaizuia pia. Wengi mmeziomba, nitazileta chaneli ikipata hela ya kuzinunua.

Wiki ijayo naijaribu mvua ikinyesha, maana jiwe likilowa linakula mawimbi zaidi. Niandikieni hapo chini geti lako ni la chuma au la mbao, na kengele umeipiga wapi.