Skana za tiketi kwa shughuli ya Kigoma ambako mtandao hausomi: ipi ununue kwanza, ipi uache

Kama unaandaa tamasha pale uwanja wa Lake Tanganyika au mahafali kwenye ukumbi wowote wa Mwanga, unajua inavyokuwa, mchana bando linasoma vizuri tu, jioni watu wakishajaa na kila mmoja anarusha video mnara unaelemewa, simu inaonyesha alama zote nne lakini hakuna kinachopita. Kwa hiyo skana yoyote inayouliza sava kila tiketi inapopita, itoe kabisa kwenye hesabu zako. Hiyo ndo namba ya mwisho kwenye orodha yangu, hata kama muuzaji anakupa bure.

Zinazobaki zote zinasoma QR bila mtandao, ila zinatofautiana sehemu moja tu ya maana: mtu katuma skrinshoti ya tiketi yake kwa rafiki, yeye kapita geti A na rafiki kapita geti C, je, simu ya geti C itajua? Wauzaji hupenda kukwambia tiketi zao zina saini ya siri ndani ya QR, na ni kweli hiyo inakamata tiketi feki hata bila mtandao, lakini skrinshoti ya tiketi halali ina saini halali, inapita kama kawaida.

Namba 1: simu za kawaida za Android + ruta ndogo isiyo na intaneti. Orodha ya tiketi unaishusha kwenye simu zote asubuhi mtandao ukiwa mzuri, halafu getini simu zinaunganishwa kwa waifai ya ruta, na apu iwe ile inayoweza kuziacha ziambiane zenyewe kwa zenyewe au kupitia laptop moja inayotunza hesabu. Rafiki wa skrinshoti anakamatwa palepale. Ruta nyingi ndogo zinakaa kwenye pawabenki usiku mzima, umeme ukikata haikuhusu. Mambo mawili yanaharibu hii. Kwanza Android ikiona waifai haina intaneti inaihama kimyakimya inarudi kwenye data, kwa hiyo zima data kwenye kila simu na ukiulizwa kama ubaki kwenye waifai hiyo kubali. Pili ruta nyingine zimewekwa zisiruhusu vifaa kuonana (kwenye mipangilio tafuta `AP Isolation`, iwe imezimwa). Na tumia 2.4 GHz maana inafika mbali kuliko 5 GHz, ingawa umati ukisimama katikati nao unakula mawimbi, geti zikiwa pande mbili za uwanja usiitegemee.

Namba 2: simu zilezile bila ruta, tiketi zikigawanywa kwa geti. Hii kwa geti zilizo mbalimbali. Tiketi ya rangi ya njano inapita geti A tu, ya kijani geti C tu, na simu ya kila geti inakataa za mwenzake. Skrinshoti itakayokuja itakutana na simu ileile iliyoisoma mwanzo. Ni bei rahisi kuliko zote na kwa kweli ingekuwa namba 1 kama watu wangekuwa wanafuata geti lao, ila Kigoma au popote, mtu akiona foleni fupi anaenda huko. Na geti lenye simu mbili linarudi kwenye tatizo lilelile, labda simu moja kwa geti au ruta hapo getini. Apu kama pretixSCAN inaweza kusoma bila mtandao na kupeleka rekodi baadaye, kwa hiyo huhitaji kutengenezewa kitu kipya.

Namba 3: zile skana za mkononi za Android zenye taa nyekundu. Zinasoma haraka, gizani, hata karatasi iliyokunjwa, na chaji inadumu. Lakini kwa kuunganisha rekodi hazina uchawi wowote, ni apu ileile. Kodisha, usinunue, labda kama una shughuli kila wiki.

Namba 4: skana ndogo zenye memori, unazipiga zinahifadhi namba halafu unazichomeka kwenye kompyuta. Hazijui tiketi halali ni ipi, zinahesabu tu. Kwa chakula cha semina sawa, kwa tiketi za hela hapana.

Sasa sehemu ambayo watu hawaiulizi dukani na ndo inayoumiza kesho yake: kuunganisha. Rekodi nzuri ya skani inafanana hivi:

```
simu,na,tiketi,saa
A,0412,KG-1187,18:42:10
C,0233,KG-1187,18:36:40
```

Hapo `na` ni namba ya mfululizo ya simu husika. Ina kazi gani? Msimamizi wa geti C katuma faili kwa WhatsApp katikati ya shughuli, akatuma tena mwisho, skani za mwanzo sasa ziko mara mbili. Bila namba ile huwezi kujua kama ni rekodi moja iliyoletwa mara mbili au ni tiketi moja iliyoingiza watu wawili, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukiwa nayo, kwenye Excel unaondoa kwanza mistari inayofanana `simu` na `na` kwa pamoja (`Remove Duplicates`), kinachobaki ni skani za kweli.

Kisha saa. Ukiangalia hapo juu utasema wa geti C ndo aliingia kwanza, na wa A ndo mwenye skrinshoti. Subiri. Kabla ya kufungua mageti chukua tiketi moja ya majaribio uiskani kwenye simu zote kwa mfuatano wa haraka. Tuseme A imeandika 16:00:05 na C imeandika 15:49:02, maana yake saa ya C iko nyuma dakika 11 na sekunde 3. Ongeza kwenye 18:36:40 unapata 18:47:43, kwa hiyo A alitangulia na aliyepenyezwa alipita C. Idadi ya watu haibadiliki, lakini anayekuja kudai hela yake unajua umjibu nini. Ukishasahihisha panga kwa saa, halafu `D` ikiwa safu ya saa na `C` ya tiketi, weka hii kwenye `E2` uivute chini:

```
=COUNTIF(C$2:C2,C2)
```

Palipo na 1 ni kuingia halali, 2 na kuendelea ni marudio.

Kabla hujalipia apu yoyote fanya jaribio hili mbele ya muuzaji: weka simu mbili `Airplane mode`, skani tiketi moja kwenye zote mbili, zima simu uziwashe tena, ndo urudishe mtandao. Ripoti lazima ionyeshe skani mbili, kila moja na simu yake na saa yake. Ikionyesha tu kwamba tiketi "imetumika" basi moja imefuta nyingine na hautakuja kujua ilipita wapi, na ikionyesha hakuna kitu, rekodi zilikuwa kwenye memori ya muda tu, ondoka.

Usiku wa shughuli kila msimamizi aandike kwenye karatasi namba ya mwisho iliyo kwenye simu yake. Kama simu C imeishia 0233 na faili lina mistari 229 ya skani, kuna nne hazijafika, asitoke kwenye akaunti na asifute apu mpaka zifike, maana apu nyingi ukizifuta zinaondoka na rekodi zake.