Shatafu yetu ya kwanza ilipasuka usiku. Hii ya pili nimeichagua kuanzia kwenye koki

Seti ya kwanza ilikuwa ya plastiki tupu, nilinunua kwa shilingi 12,000. Fundi aliifunga kwenye choo cha kukaa tulichokikuta humu ndani tulipohamia Nyegezi. Aliweka tii ya plastiki kati ya koki ya ukutani na tangi la choo, mpira wa shatafu ukatokea pale. Ilitumika miezi saba bila shida. Halafu usiku mmoja, saa nane, mke wangu akaniamsha, anasikia maji. Korido ilikuwa imelowa mpaka mlangoni kwa watoto. Nati ya plastiki inayoshika mpira ilikuwa imepasuka kote.

Ile tii haikuwa na koki yake. Maji yalizuiwa na kitufe cha kichwa cha shatafu peke yake, kwa hiyo mpira ulikuwa umejaa presha usiku na mchana. Na usiku majirani wakilala, presha ya bomba inapanda. Ikabidi nitoke na tochi nikafunge maji ya nyumba nzima kwenye mita.

Safari hii nilianza na koki. Nimechukua koki ya kona ya njia mbili, kila njia na mkono wake: mmoja wa tangi, mmoja wa shatafu. Mkono ni wa robo mzunguko, unafunga kwa kuugeuza kidogo tu. Hilo nalipa uzito kuliko vyote, kwa sababu koki inayotaka kuzungushwa mara tano hakuna atakayeifunga kila akitoka chooni. Zipo pia seti zenye kifungio karibu na kichwa, lakini mpira unabaki na presha vilevile.

Dukani usidanganywe na mng'ao. Sumaku haisaidii, maana haishiki shaba ya njano wala madini ya bei rahisi yaliyopakwa kromu. Angalia ndani ya nyuzi, pale ambapo mara nyingi kromu haifiki vizuri. Njano ni dalili ya shaba, kijivu nairudisha. Ya shaba pia ni nzito mkononi. Seti yangu, yaani koki, mpira wa mita 1.2 uliofunikwa stili, kichwa na kishikio, ilifika shilingi 38,000. Nilihakikisha nati za mpira ni za chuma, kwa sababu ile stili ya nje ni kinga tu ya mpira laini uliomo ndani.

Kufunga kulikuwa na kazi kidogo. Fundi alifunga maji, akafungua koki ya zamani taratibu, tukakuta nyuzi za ukutani zimezama nyuma ya marumaru. Koki mpya ilishika mizunguko miwili tu.
"Kaka, hapa tukilazimisha itavuja ndani ya ukuta," akaniambia.
Tukanunua kipande cha kurefushia cha nusu inchi, cha shaba nacho. Tepu nyeupe aliizungusha kufuata upande wa kukazia, kama mara kumi. Koki ilipopita kidogo pale inapotakiwa kutazama, hakuirudisha nyuma, maana tepu ikishakazwa ukirudisha inavuja. Aliifungua yote, akaweka tepu mpya.

Kwenye nati za mpira tepu haiwekwi. Pale kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyomo ndani ya nati. Ikazwe kwa mkono, kisha spana iongeze robo mzunguko basi. Baada ya kufungulia maji tulipitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, kwa sababu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Kishikio cha kuning'iniza kwenye ukingo wa tangi sikukipenda, kinainua mfuniko. Chetu tumekifunga ukutani kwa skrubu, upande wa mkono wa kulia, juu ya ukingo wa sinki la choo. Kichwa kisilale ndani ya choo: maji yakikatika mtaani, bomba linaweza kunyonya kurudi nyuma, na kitufe kikibonyezwa wakati huo, uchafu unaingia kwenye maji ya nyumba. Koki iliyofungwa inazuia hilo pia.

Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu tuifunge, viungo ni vikavu. Tukimaliza tunafunga koki, halafu tunabonyeza kitufe ili presha iliyobaki kwenye mpira iishe. Maji yakirudi baada ya kukatika huwa na mchanga mwembamba, mrusho unapungua, nafungua kichwa na kusuuza matundu.

Tatizo lililobaki ni la mama yangu. Koki iko sentimita 20 tu kutoka sakafuni, nyuma ya choo, na magoti yake hayamruhusu kuinama. Akitoka, mjukuu wake ndiye anayeingia kuifunga. Fundi amesema anaweza kupandisha bomba ukutani ili mkono wa koki ufike usawa wa kiti, lakini lazima avunje marumaru nne, nami bado natafuta za rangi ileile.