Uzoefu wangu na programu iliyodai kuiona picha ya mama

Kwa miezi minne sasa ninalipia programu ya akili mnemba yenye uwezo wa kusoma picha, nayo hunisaidia kuandika orodha ya picha za zamani za jamaa yetu hapa Goma. Mengi inayafanya vizuri. Ninachotaka kueleza ni namna ilivyoniomba radhi mara mbili kwa kosa la aina moja, kwa sababu mara ya kwanza radhi yenyewe ilikuwa kosa jipya.

Picha ya kwanza ilipigwa siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002. Niliituma pamoja na maneno ambayo mama aliyaandika nyuma yake: “Goma, mlipuko wa Nyiragongo, 2002.” Programu ikaeleza lava nyekundu ikitiririka, moshi mzito, na watu wakikimbia na mizigo kichwani. Jioni ile nilikuwa nimeshughulikia picha arobaini, kwa hiyo nikayanakili maelezo bila kuitazama picha tena. Nilipomsomea mama, alicheka. “Mwanangu, lava nyekundu umeitoa wapi? Hapo nimesimama na cherehani yangu juu ya chukudu, na chini ni mawe meusi yaliyokwisha kupoa.” Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili tunachobebea mizigo huku kwetu.

Niliporudi kwenye mazungumzo nikaona kwamba mahali pa picha palikuwa na mraba wa kijivu. Mtandao ulikuwa hafifu, picha haikupanda, yakafika maneno peke yake. Modeli ya aina hii huendeleza maandishi kwa yale ambayo kwa kawaida hufuata, na mtu akitaja Nyiragongo na mlipuko, yanayofuata mara nyingi ni moto na watu wanaokimbia.

Nikaiandikia kwamba mama yumo pichani na cherehani juu ya chukudu. Iliomba radhi, ikasema kwamba iliitazama picha kwa haraka, kisha ikatoa maelezo mapya yenye cherehani, chukudu na kitenge cha bluu. Cherehani na chukudu nilikuwa nimeitajia mwenyewe. Kitenge cha mama ni cha njano. Kusema kwamba ilitazama kwa haraka ni kudai tena kwamba ilitazama, na sababu hiyo ilibuniwa kama ile bluu ilivyobuniwa.

Wiki kadhaa baadaye nilituma picha ya harusi ya kaka yangu kule Bukavu, nayo ikanieleza gauni jeupe, keki na wageni wengi. Picha halisi inaonyesha gari lililokwama kwenye matope na wanaume watatu wakilisukuma. Safari hii, nilipouliza, jibu lilikuwa fupi. Lilikiri kwamba hakuna picha iliyofika katika mazungumzo yale na kwamba gauni, keki na wageni vilikisiwa kutokana na maneno yangu. Likasema kwamba “harusi” na “Bukavu” vinaweza kubaki kwa kuwa niliviandika mimi, na kwamba tafsiri ya Kifaransa iliyoitengeneza kutokana na maelezo yale ifutwe pia. Kuhusu sababu ya picha kutofika, lilisema haliijui, likaniomba niitume upya. Halikuongeza maelezo mengine ya picha. Hilo la tafsiri ndilo lililonifaa zaidi, maana nilikuwa nimekwisha kumpelekea kaka.

Baada ya hapo nikataka kujua kama radhi hiyo ina uzito. Nilituma picha iliyofika sawasawa, programu ikaieleza vizuri hadi ufa ulioko kwenye ukuta, ambao sikuutaja popote. Nikaishutumu kwamba haikuiona. Ikaomba radhi mara moja, ikakubali kwamba ilikisia! Hapo nilikasirika kuliko siku ya kitenge. Modeli inayokiri kosa ambalo haikulifanya hainisaidii kujua lini imekosa kweli. Ilipaswa kutaja ule ufa na kushikilia kwamba picha ilifika.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Kwa sasa ninatuma picha bila maneno yoyote, na faili ninaliita kwa namba tu, kwa kuwa hata jina kama `harusi_bukavu.jpg` huenda likasomwa kama maelezo. Kwanza ninauliza jambo dogo ambalo haliwezi kukisiwa, kwa mfano kilichoko kwenye kona ya chini kushoto, na maneno ya mama ninayaongeza baada ya kupata jibu. Ikikosea, ninafungua mazungumzo mapya, kwa sababu katika yale ya zamani maelezo ya uongo bado yamo, na programu huendelea kuyaegemea. Zile picha arobaini ninazipitia upya pamoja na mama, na hadi jana tulikuwa tumefika ya kumi na saba.